Lusiferasi na promota ya Duffy: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi na mafundi wa maabara wanaofika kwetu Kisumu, wengine kutoka Kakamega na Bungoma, wakiwa na jambo moja kichwani: wamepata badiliko la herufi moja kwenye promota ya jeni fulani, na wanataka kujua kama linabadilisha kiasi cha jeni hiyo kinachotolewa. Majibu yote yanatumia mfano mmoja, yaani badiliko la Duffy. Jibu lake linajulikana tayari, kwa hiyo ukikosea utajua. Pia linatupa mtego mzuri sana kwenye usawazishaji, nao uko kwenye swali la 8. Mwenye haraka aanzie hapo.

## Mambo ya msingi

1. Kipimo hiki kinapima nini hasa?

Unachukua kipande cha DNA kilicho mbele ya jeni, yaani promota, na kukibandika mbele ya jeni ya lusiferasi ya kimulimuli ndani ya plazmidi. Plazmidi hiyo unaiingiza kwenye seli. Promota ikifanya kazi, seli hutengeneza lusiferasi. Ukizipasua seli na kuipa lusiferasi hiyo lusiferini, ATP na magnesi, mwanga hutoka, na luminomita huuhesabu. Mwanga mwingi maana yake promota imesukuma zaidi.

Unatengeneza plazmidi mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa herufi moja. Tofauti ya mwanga kati yake ndiyo jibu lako. Wazo ni jepesi. Kazi yote iliyobaki ni kuhakikisha kwamba tofauti hiyo imeletwa na herufi ile, si na kitu kingine kilichojipenyeza njiani.

2. Kwa nini Duffy?

Jeni ya Duffy siku hizi inaitwa ACKR1. Zamani iliitwa DARC. Protini yake hukaa juu ya chembe nyekundu za damu, na *Plasmodium vivax* huitumia kama mlango wa kuingilia. Karibu watu wote wa magharibi mwa Kenya hawana protini hiyo kwenye chembe nyekundu, na hii ni sababu kubwa ya malaria yetu kuwa ya *falciparum* badala ya *vivax*.

Chanzo ni herufi moja kwenye promota: T imegeuka C. Herufi hiyo imo ndani ya neno fupi CTTATCT, ambalo ukilisoma kwa uzi wa pili ni AGATAAG. Hapo ndipo protini ya unukuzi iitwayo GATA1 hushika. Neno likiwa CTTACCT, GATA1 haishiki vizuri, na chembe nyekundu zinazokomaa haziitengenezi Duffy. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1995 kwa kipimo cha ripota kwenye seli za ukoo wa damu nyekundu.

Badiliko hili utalikuta likiandikwa kwa namba tofauti: -33, -46 au -67. Si mabadiliko matatu. Kila mwandishi alianza kuhesabu mahali pake, na -67 huhesabiwa kutoka mwanzo wa tafsiri ya protini. Kwenye hifadhidata tafuta `rs2814778`, utaepuka mkanganyiko wote.

3. Je, naweza kutumia seli zozote zilizopo kwenye friza?

Hapana, na hapa wengi hupoteza miezi. Promota haifanyi kazi peke yake. Inategemea protini za unukuzi zilizomo kwenye seli. Badiliko la Duffy linagusa mahali pa GATA1. Ukitumia seli za HEK293T, ambazo GATA1 haimo, T na C zitatoa mwanga unaolingana, nawe utaandika kwamba badiliko halina athari. Hutakuwa umedanganya, ila utakuwa umeuliza swali mahali pasipo na wa kulijibu.

Tumia seli za ukoo wa damu nyekundu kama K562 au HEL. K562 zina GATA1 ya kutosha na zinakua kwa urahisi zikielea kwenye chakula cha RPMI 1640 chenye seramu asilimia 10. HEK293T usizitupe, zitakuwa shahidi wa upande wa pili: tofauti ikionekana kwenye K562 na kukosekana kwenye HEK293T, una dalili nzuri kwamba inatokana na kitu kilichomo kwenye seli za damu.

Mwili wenyewe unafanya hivyohivyo. Mtu asiye na Duffy kwenye chembe nyekundu bado anayo kwenye kuta za mishipa ya damu, kwa sababu huko promota haitegemei GATA1.

## Kutengeneza plazmidi

4. Nimetoa DNA ya watu kumi wa hapa na wote wana C. Aleli ya T nitaipata wapi?

Ndivyo inavyotarajiwa. Usianze kuzunguka mji ukitafuta mtu mwenye T. Kuza kipande cha C kwa PCR, kibandike kwenye vekta, kisha geuza herufi ile moja kwa PCR ya kubadilisha mahali maalumu, ukitumia praima zilizobeba T katikati.

Njia hii ni bora hata kama ungempata mtu mwenye T. Watu wawili hutofautiana kwa herufi kadhaa ndani ya kipande kimoja. Ukikuza T kutoka kwa mtu mmoja na C kutoka kwa mwingine, unaweza kuilaumu herufi ya -67 kwa kosa la jirani yake. Ukizalisha T kutoka kwa C yako mwenyewe, tofauti inabaki moja.

5. Kipande kiwe na urefu gani, na nikiweke kwenye vekta ipi?

Kwa Duffy, herufi 500 hivi kabla ya mwanzo wa tafsiri zinatosha kwa jaribio la kwanza. Tunatumia `pGL4.10`, vekta yenye lusiferasi ya kimulimuli lakini isiyo na promota yoyote, na tunakata kwa `KpnI` na `XhoI` ili kipande kiingie kikielekea upande sahihi. Hakikisha kwanza kwamba vimeng'enya hivyo havikati ndani ya kipande chako.

PCR ya kugeuza herufi huzunguka plazmidi nzima, pamoja na jeni ya lusiferasi yenyewe. Kosa dogo la polimerasi ndani ya lusiferasi litapunguza mwanga, na ukisoma mfuatano wa kipande chako peke yake hutaliona. Kwa hiyo ukishapata T, kikate kipande na ukihamishie kwenye `pGL4.10` mpya ambayo haijapita kwenye PCR. Kisha usome mfuatano wa kipande kizima, mwanzo hadi mwisho.

6. Usafi wa plazmidi una uzito gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tayarisha T na C siku moja, kwa seti moja ya kusafishia, seti ya kuondoa endotoksini, na uzipitishe kwenye jeli kuona kwamba zote mbili zimejisokota vizuri. Plazmidi iliyokatikakatika huingia na kufanya kazi tofauti na iliyojisokota. Halafu, kabla ya kuamini jibu, rudia kwa maandalizi mengine ya T na C kutoka kwenye koloni tofauti. Tofauti ikipotea, ulikuwa unapima uhodari wako wa kusafisha DNA.

## Kusawazisha

7. Kwa nini plazmidi ya pili? Si nimeweka seli sawa kila kisima?

Umeweka seli zinazokaribiana. Na hata zingekuwa sawa kabisa, kisima kimoja kitapokea plazmidi nyingi kuliko kingine, kimoja kitapoteza seli wakati wa kuosha, kingine hakitapasuka vizuri. Mambo haya peke yake yanaweza kuleta tofauti ya mara mbili.

Kwa hiyo kila kisima kinapata pia plazmidi ya lusiferasi ya Renila, mnyama wa baharini, inayoendeshwa na promota yake isiyohusiana na swali lako. Renila hutumia selenterazini badala ya lusiferini na haihitaji ATP, hivyo enzimu mbili hizi zinaweza kusomwa moja baada ya nyingine kwenye sampuli ileile. Unagawa mwanga wa kimulimuli kwa mwanga wa Renila. Kisima kilichopokea DNA kidogo kitapungua juu na chini ya mstari, na uwiano utabaki vilevile.

Chagua promota dhaifu kwa Renila. Sisi hutumia ya TK, iliyotoka kwenye virusi vya hepesi, kwenye `pRL-TK`. Promota yenye nguvu kama ya CMV huzinyang'anya plazmidi nyingine protini za unukuzi, na ripota yako inafifia bila sababu.

Kwa kisima cha sahani ya visima 24, chenye seli 200,000 za K562, tunaweka nanogramu 480 za ripota na nanogramu 20 za Renila. Usizichukue namba hizi kama amri. Anza kwa kujaribu Renila nanogramu 5, 20 na 50, uone kama mwanga wake unapanda kwa kadiri ulivyoongeza na kama ule wa kimulimuli haushuki. Chagua kiasi kidogo kabisa kinachosomeka kwa uhakika.

8. Kwa hiyo Renila ni hakimu asiye na upande?

Hakimu naye ana jamaa zake. Mwaka 2004 ilichapishwa kwamba `pRL-TK` na `pRL-SV40`, plazmidi mbili za kusawazisha zinazotumika sana, huamshwa na protini kadhaa za familia ya GATA. Na sisi hapa tunachunguza mahali pa GATA.

Tuangalie ni wapi jambo hili linaumiza na ni wapi haliumizi. Kwenye K562, T na C zinakaa ndani ya seli za aina moja, zenye GATA1 ileile. Renila ikipandishwa, inapandishwa sawasawa pande zote mbili. Ulinganisho wa T na C unabaki wa haki.

Maumivu huanza pale unapotaka kuthibitisha kwa kuipeleka GATA1 kwenye HEK293T kwa plazmidi, jaribio ambalo kila mkaguzi wa makala hulipenda. Sasa unalinganisha visima vyenye GATA1 na visivyo nayo. Tuseme, kwa namba za kujifunzia tu, promota ya T bila GATA1 inatoa kimulimuli 10,000 na Renila 10,000, uwiano 1. Ukiongeza GATA1 kimulimuli kinapanda hadi 50,000, na Renila nayo inapanda hadi 40,000. Uwiano ni 1.25. Utaandika kwamba GATA1 karibu haifanyi kitu, ilhali mwanga wenyewe umepanda mara 5.

Kinga ni kuangalia safu ya Renila peke yake kabla ya kugawa chochote. Ndiyo tabia ya kwanza ninayomfundisha anayeanza. Panga Renila ghafi kwa makundi: zenye GATA1 huku, zisizo nayo kule. Zikitofautiana kwa mpangilio, kila rudio, Renila haifai kuwa mizani kwenye jaribio hilo.

9. Renila ikishakataliwa, nisawazishe kwa nini?

Kuna njia tatu, nami hutumia mbili za kwanza kwa pamoja na kuongeza ya tatu kila siku. Ya kwanza ni kupima protini yote kwenye sampuli iliyopasuliwa kwa njia ya BCA, na kugawa mwanga kwa maikrogramu za protini. Inasahihisha idadi ya seli na upasuaji mbaya, ila haijui kiasi cha DNA kilichoingia.

Ya pili ni kupima plazmidi iliyoingia kwa qPCR, ukilenga jeni ya lusiferasi kwenye DNA. Inajibu swali la DNA, lakini huhesabu hata plazmidi iliyoganda nje ya seli bila kuingia, kwa hiyo osha seli vizuri kwanza.

Ya tatu ni kuweka `pGL4.10` tupu, pamoja na GATA1 na bila GATA1, kila siku ya jaribio. Vekta tupu ikipanda mara 2 kwa GATA1, basi mara 2 hizo si za promota yako. Hii haichukui nafasi ya zile mbili, ila ukiiacha hutaweza kulitetea jibu.

Na visima visivyo na GATA1 visipewe DNA pungufu. Vipe vekta ileile ya GATA1 ikiwa tupu, kwa kiasi kilekile.

10. Ni visima gani vya udhibiti nisivyoweza kuacha?

Seli zisizopewa plazmidi yoyote, kwa ajili ya mwanga wa chinichini wa kila enzimu. `pGL4.10` tupu pamoja na Renila, inayoonyesha promota yako inasukuma kiasi gani juu ya sifuri. `pGL4.13`, yenye promota ya SV40, inayoonyesha kwamba seli zimepokea DNA na dawa za kusomea ziko hai. Mwanga wake ukikosekana, usijadili kitu kingine siku hiyo.

Kisha kisima chenye kimulimuli bila Renila. Dawa ya pili inatakiwa kuzima kimulimuli kabla Renila haijasomwa. Kwenye kisima hiki, kile kitakachosomwa hatua ya pili ni mabaki ya kimulimuli yaliyovujia kwenye hesabu ya Renila. Promota yenye nguvu ikivuja, huongeza kigawanyo chake mwenyewe na kujionyesha dhaifu.

Vekta tupu ni fupi kuliko zenye kipande: herufi 4,242 dhidi ya 4,700 hivi. Kwa uzito ulio sawa utakuwa umeweka nakala nyingi zaidi za ile tupu. Weka idadi sawa ya nakala, kisha jaza upungufu wa uzito kwa plazmidi isiyohusika kama `pUC19`.

## Siku ya kusoma mwanga

11. Kazi inakwendaje kutoka kuvuna hadi kusoma?

Vuna kati ya saa 24 na 48 baada ya kuingiza plazmidi, na ushikilie muda huohuo kila rudio. K562 zinaelea, kwa hiyo unazizungusha kwenye sentrifuji, unaziosha mara moja kwa PBS, unaongeza mikrolita 100 za bufa ya kupasua na kuzitikisa dakika 15. Mikrolita 20 za sampuli huenda kwenye sahani nyeupe isiyopitisha mwanga. Sahani angavu hufanya kisima chenye nguvu kiangazie jirani yake, na vekta yako tupu itapata uhai wa kuazima.

Ongeza mikrolita 100 za dawa ya kimulimuli, subiri sekunde 2, soma sekunde 10. Ongeza mikrolita 100 za dawa ya pili, subiri 2, soma 10. Dawa na sampuli zote ziwe zimefikia joto la chumba kwanza, na chumba kiwe kati ya nyuzi 20 na 25.

12. Joto la Kisumu linaathiri kweli?

Linaathiri. Lusiferasi ya kimulimuli haipendi kupita nyuzi 25 au zaidi kidogo, na alasiri za Januari hapa, umeme ukikatika na kipoza hewa kikazima, chumba hufika 30 bila shida.

Nilijifunza kwa gharama. Kwenye maabara niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo nilipanga T zote safu ya A na B, na C zote safu ya G na H, kwa sababu karatasi ilipendeza hivyo. Kusoma visima 96 kwa mpango wa sekunde 24 kila kimoja ni kama dakika 40. T iliishinda C vizuri sana. Tatizo ni kwamba zilikuwa HEK293T, ambako sikutarajia tofauti yoyote. Nilikuwa nimebakiza sampuli, nikazipanga upya kinyume, C juu na T chini, nikasoma tena. Safari hii C ikashinda. Tulichokuwa tunapima ni muda ambao sahani ilikaa mezani ikipata joto.

Tangu siku hiyo T na C zinakaa zikipishana kwenye sahani, na `pGL4.13` inakaa kisima cha kwanza na cha mwisho. Viwili hivyo visipolingana, sahani nzima inarudiwa.

13. Umeme ukikatika katikati, sampuli zimeharibika?

Sampuli zilizopasuliwa zinavumilia saa chache kwenye barafu, na kwenye nyuzi -80 hukaa muda mrefu. Zigawe kwenye vijichupa mapema, kwa sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaua enzimu. Dawa ya Renila iliyokwisha kuchanganywa ndiyo isiyosubiri. Selenterazini huharibika yenyewe na kuongeza mwanga wa chinichini. Changanya ya siku hiyo tu.

## Hesabu

14. Nionyeshe hesabu nzima.

Hii ni siku moja ya mfano kwenye K562, namba zikiwa za kujifunzia. Kila namba ni wastani wa visima vitatu. Seli bila plazmidi zimetoa kimulimuli 150 na Renila 300, nazo unaziondoa kwanza kwenye kila kipimo.

```
kiwango = (F - F0) / (R - R0)

tupu: (2150 - 150)  / (10300 - 300) = 0.20
T:    (72150 - 150) / (12300 - 300) = 6.0
C:    (8250 - 150)  / (9300 - 300)  = 0.90
```

Ukigawa kwa vekta tupu, T inasukuma mara 30 na C mara 4.5. C ukiigawa kwa T unapata 0.15: promota imebaki na asilimia 15 ya nguvu yake. Ungechukua mwanga ghafi ungepata 8,250 kwa 72,150, yaani asilimia 11, kwa sababu visima vya T vilipokea DNA nyingi kidogo. Hapa kosa ni dogo kwa kuwa athari yenyewe ni kubwa. Badiliko linalopunguza kwa asilimia 20 lingemezwa lote na kosa la ukubwa huo.

Halafu kumbuka kwamba C bado iko juu ya vekta tupu mara 4.5. Promota haijafa, imepoteza msukumo wa GATA1. Usiandike kwamba imezimika.

15. Nina visima tisa vya kila aleli. Je, n ni 9?

Kama ni visima vitatu kwa siku tatu, n ni 3. Visima vitatu vya siku moja vimetoka kwenye chupa moja ya seli na mchanganyiko mmoja wa DNA; vinakuambia mkono wako unatetemeka kiasi gani kwenye pipeti, basi. Chukua wastani wake, kisha upate uwiano mmoja wa C kwa T kwa kila siku.

Uwiano unachambuliwa kwa logi, maana nusu na mara mbili ni umbali mmoja kutoka 1, lakini kwenye namba za kawaida hazionekani hivyo. Tuseme siku tatu zimetoa 0.15, 0.19 na 0.13. Kwenye R:

```
r <- log(c(0.15, 0.19, 0.13))
t.test(r)
exp(c(mean(r), t.test(r)$conf.int))
```

Unapata wastani wa 0.155, na mpaka wa uhakika wa asilimia 95 kutoka 0.10 hadi 0.25. Andika vyote vitatu, na onyesha nukta za kila siku kwenye mchoro. Mstari mnene wenye nyota tatu juu yake hauonyeshi kama siku ziliafikiana.

Jambo la kuepuka: kuipa T thamani ya 1 kila siku, kisha kuilinganisha na C kwa jaribio la makundi mawili. T itakuwa haina mtawanyiko wowote, na hilo si kweli. Pima logi ya uwiano dhidi ya sifuri, kama hapo juu.

## Majibu yasiyoeleweka

16. Renila inashuka kila mara kwenye visima vya T. Nifanye nini?

Rudi kwenye swali la 7: punguza ripota kwa nusu na ujaze kwa `pUC19`. Renila ikipanda, promota yako yenye nguvu ilikuwa ikiinyang'anya. Isipobadilika, shuku maandalizi ya DNA, swali la 6. Maadamu hujapata chanzo, usitumie uwiano, kwa sababu Renila iliyoshuka inaikuza T.

17. T na C zinalingana kwenye K562 pia. Badiliko langu halina kazi?

Kwa Duffy hilo ni kosa la jaribio. Anza na mfuatano, maana zaidi ya mara moja nimeona vijichupa viwili vyenye majina tofauti na DNA moja. Kwa badiliko ambalo jibu lake halijulikani, angalia kwanza kama promota yako ilipita vekta tupu. Iliyotoa mara 1.3 tu ya vekta tupu haijaamka kwenye seli hizo, na kisichoamka hakiwezi kushuka. Ikiwa imeamka vizuri na mpaka wa uhakika umebana karibu na 1, hapo una haki ya kusema kwamba kwenye seli hizi, kwa kipande hiki, hujaona athari.

18. Nimepata tofauti safi. Naweza kusema badiliko hili ndilo linalosababisha ugonjwa?

Unaweza kusema kwamba herufi hiyo inatosha kubadilisha nguvu ya kipande hiki cha promota ndani ya plazmidi, kwenye seli za saratani ya damu. Plazmidi haijafungwa na protini za kromatini kama ilivyo kromosomu, na vipande vya mbali vinavyoisaidia promota havimo.

Kwa Duffy hoja ilishika kwa sababu kulikuwa na ushahidi mwingine: GATA1 inashindwa kushika neno lililobadilika, na chembe nyekundu za watu wenye C mbili hazina protini. Kwa badiliko lako jipya, hatua inayofuata ni kuonyesha ushikaji kwa jeli ya kuchelewesha DNA, au kugeuza herufi kwenye kromosomu yenyewe kwa CRISPR na kupima RNA. Ukipata watu wenye aleli zote mbili, linganisha RNA ya kila aleli ndani ya mtu yuleyule. Huko kila aleli ni udhibiti wa mwenzake, na Renila haihitajiki.